Jedwali la watalii: kuongeza safu ya asilimia na safu ya nafasi

Nachukua idadi ya watalii wa kimataifa walioingia Tanzania kuanzia 2019 hadi 2023, kwa maelfu. Fungua Excel au Google Sheets, uandike mwaka kwenye safu A na idadi kwenye safu B. Vichwa vikae mstari wa kwanza.

```
2019   1527
2020    621
2021    923
2022   1455
2023   1808
```

Hatua ya kwanza ni safu C, mabadiliko ya asilimia. C2 iache tupu, kwa sababu 2019 haina mwaka wa kulinganisha nao hapa. Ukiweka fomula hapo itagusa kichwa cha safu na kukupa `#VALUE!`. Anzia C3:

```
=B3/B2-1
```

Vuta kona ya seli hadi C6, kisha bonyeza kitufe cha `%` na uongeze desimali moja. Usizidishe kwa 100 kwenye fomula, maana kitufe kinafanya kazi hiyo, ukiona 4863.1% ujue umezidisha mara mbili. Majibu sahihi ni -59.3%, 48.6%, 57.6% na 24.3%.

Hatua ya pili ni safu D, nafasi ya kila mwaka kwa idadi. Kwenye D2:

```
=RANK(B2,$B$2:$B$6)
```

Alama za dola ndizo zinazowaangusha wengi. Ukizisahau, eneo la kulinganisha linateremka pamoja na fomula kadiri unavyovuta, na safu itasoma 2, 4, 3, 2, 1. Hakuna kosa linaloonekana kwenye skrini, lakini 2 imejirudia ilhali hakuna idadi zinazolingana, na nafasi ya 5 haipo. Ukiziweka, utapata 2, 5, 4, 3, 1.

Sasa panga na ukuaji pia, kwenye E3:

```
=RANK(C3,$C$3:$C$6)
```

Vuta hadi E6, halafu tazama D na E kwa pamoja. Mwaka 2023 unaongoza kwa idadi, lakini kwa ukuaji ni wa tatu, na anayeongoza ni 2022. Ukimpelekea bosi safu E peke yake, atadhani 2023 ulidorora. Ile 57.6% ilikuwa kubwa kwa sababu 2021 ulikuwa bado chini mno baada ya korona, na hata baada ya kuruka hivyo, 2022 haukuufikia 2019.

Ndiyo maana mimi huongeza safu F, inayopima kila mwaka dhidi ya 2019. Kwenye F3 andika hivi, uvute hadi F6 na uweke asilimia kama awali:

```
=B3/$B$2-1
```

Hapo 2022 unasoma -4.7%, na 2023 unasoma 18.4%.