Mishale inayoachia visanduku kwenye draw.io: namna ya kuikamata na kuifunga

Juzi nilipokea mchoro wa utaratibu wa mikopo wa chama cha akiba: visanduku vinane na mishale kumi, vyote vimepangika vizuri. Nikasogeza kisanduku cha «Kagua akiba» kulia kidogo ili kupata nafasi. Mshale mmoja ukanifuata, mwingine ukabaki palepale ukielekeza kidole hewani. Mchoraji alikuwa hajakosea kwa macho. Alikosea kwa kuachia mshale kando ya kisanduku badala ya juu yake, na draw.io haikumwambia.

Kinachomficha mtu ni gridi. Kwa kawaida kila ncha unayoiburuta hurukia mistari ya gridi, na visanduku navyo vimekaa kwenye mistari hiyohiyo. Kwa hiyo ncha inaweza kugusa ukingo wa kisanduku barabara, bila pengo lolote, na bado isiwe imefungwa.

Hatua ya 1: Tafuta iliyoachia. Usichague mchoro mzima na kuusogeza, maana ncha zisizofungwa nazo zitahama na wenzake, na kosa halitaonekana. Chagua kisanduku kimoja, kisogeze kwa vitufe vya mishale vya kibodi mara chache, tazama kila mshale unaokigusa, kisha rudisha kwa Ctrl+Z. Nenda kisanduku kinachofuata. Kwa visanduku vinane ni kazi ya dakika mbili.

Hatua ya 2: Funga upya. Bofya mshale, shika ncha yake iliyo huru na uiburute hadi ndani ya kisanduku. Usiachie kwanza, soma rangi. Kisanduku kizima kikizungukwa na bluu, mshale utafungwa kwenye umbo lenyewe, na ukisogeza umbo ncha itatafuta upande unaofaa. Ukiiweka juu ya alama ndogo ya msalaba, ikazungukwa na kijani, ncha itabaki kwenye alama hiyo hata umbo liende wapi. Ukiachia bila kuona rangi yoyote, haijafungwa.

Mimi hutumia bluu wakati mchoro bado unabadilika. Kijani nakihifadhi kwa almasi ya uamuzi, ambapo «Ndiyo» lazima itoke chini na «Hapana» itoke kulia, la sivyo msomaji atachanganyikiwa.

Ikiwa visanduku ni vidogo, kuza mchoro kwanza. Ukiwa mbali, ni rahisi kuikosa alama ya msalaba kwa kidogo tu.

Hatua ya 3: Mchoro ukiwa mkubwa, soma XML. Fungua menyu ya Extras, kisha Edit Diagram. Kila mshale ni `mxCell` yenye `edge="1"`. Mshale uliofungwa pande zote mbili una `source` na `target`. Ule wangu ulikuwa hivi:

```xml
<mxCell id="9" edge="1" parent="1" source="3">
  <mxGeometry relative="1" as="geometry">
    <mxPoint x="400" y="160" as="targetPoint"/>
  </mxGeometry>
</mxCell>
```

Una `source`, lakini hauna `target`. Una nukta tu, 400 kwa 160. Kisanduku cha «Kagua akiba», chenye `id="4"`, kilianzia x 400 na y 130, kikiwa na kimo cha 60. Katikati ya ukingo wake wa kushoto ni palepale, 400 kwa 160, ndiyo maana hakuna aliyeshuku. Niliongeza `target="4"` kwenye mstari wa kwanza, nikabonyeza kitufe cha kukubali, na mshale ukafungwa. Nakili XML nzima mahali pengine kabla ya kugusa kitu, kwa sababu alama moja ya nukuu ikipotea mchoro hautakubali.

Kuna mshale mwingine katika mchoro huohuo ulionichelewesha zaidi. Ulikuwa na `target`, na bado uliachwa nyuma. Namba yake haikuwa ya kisanduku, ilikuwa ya maandishi yaliyowekwa juu ya kisanduku kama kitu cha pekee. Mchoraji alichora kisanduku kitupu, kisha akaweka maneno juu yake, na mshale ukashika maneno. Kisanduku kilipohama, maneno na mshale vilibaki pamoja. Hapo buruta kwanza ncha hadi kwenye kisanduku, karibu na ukingo ambako maandishi hayafiki, ndipo ufute yale maandishi. Kisha bofya kisanduku mara mbili na uandike maneno ndani yake.

Usiuchanganye na mshale uliofungwa vizuri lakini unapindapinda baada ya umbo kuhama. Huo unashikilia kona ulizovuta zamani kwa mkono. Uchague, bofya kulia, chagua Clear Waypoints, nao utajichora upya.

Mwisho, rudia kipimo cha hatua ya 1 kwa visanduku ulivyogusa, hasa vile vyenye mishale mitatu au zaidi, kwani kurekebisha ncha moja hakuonyeshi hali ya zile nyingine.