Bei ya jana isionekane kama ya leo

Kama bei kwenye tovuti yako ya mauzo hubadilika kila siku, usihifadhi bei peke yake. Ihifadhi pamoja na saa ilipothibitishwa mara ya mwisho, na mteja aione: "Bei ya leo, saa 2:15 asubuhi". Zikipita saa 24 bila uthibitisho, tovuti yenyewe iifiche na kuandika "Uliza bei". Muuzaji apewe kitufe cha "Bei ni ileile", maana siku bei isipobadilika ndipo husahau kuingia.

Idadi kamili ya mzigo iache, kwani mauzo ya ana kwa ana hayapiti kwenye mfumo. "Ipo", "Inakaribia kuisha" na "Imeisha" zinatosha.

Simu ikionyesha bei ya zamani ilhali hifadhidata ina mpya, mara nyingi tatizo ni kache, yaani nakala ya zamani ya ukurasa iliyobaki kwenye simu: seva itume kichwa cha HTTP `Cache-Control: no-cache` pamoja na ukurasa wa bei.