Hali tegemezi ya wakati uliopita katika Kihispania: anza na "wao"

Kwa Kiswahili tunasema "nataka uje" na "nilitaka uje". Wakati umebadilika kwenye kutaka, lakini "uje" imebaki vilevile. Kihispania hakikubali hivyo: ukisema *quiero que vengas*, basi jana yake ni *quería que vinieras*. Kitenzi cha pili nacho kinarudi nyuma pamoja na cha kwanza, na umbo lake hilo ndilo hali tegemezi ya wakati uliopita. Wanafunzi wangu wengi ni waongoza watalii, na kosa ninalolisikia zaidi kwao ni *quería que vengas*. Limetoka moja kwa moja kwenye mazoea ya Kiswahili, na dawa yake ni kujua mambo mawili: umbo linajengwaje, na ni nini kwenye sentensi kinacholihitaji.

Hatua ya 1: tafuta preterito ya "wao"

Usianzie kwenye kitenzi kilivyo katika kamusi. Ukianza na *venir* ukakata *-ir*, utaunda *veniera*, neno ambalo halipo. Anza na preterito, yaani wakati uliopita wa tendo lililokwisha, katika nafsi ya "wao": *vinieron*, walikuja. Preterito ya "wao" huishia *-ron* kwa kila kitenzi cha Kihispania. Hakuna hata kimoja kinachokwepa, na ndiyo maana tunaanzia hapo.

Habari njema ni kwamba ukorofi wote wa kitenzi umeshamalizika ndani ya umbo hilo. *Tener* hutoa *tuvieron*, *poder* hutoa *pudieron*, *pedir* hutoa *pidieron*, *dormir* hutoa *durmieron*, *leer* hutoa *leyeron*. *Ser* na *ir* huchangia *fueron*. Kama hujazikariri hizi, rudi kwanza kwenye preterito; hatua zinazofuata hazitakusaidia bila hiyo.

Kundi moja hasa linahitaji jicho la pili. Vitenzi ambavyo shina lake la preterito huishia na *j* humeza *i*: *dijeron* (walisema), *trajeron* (walileta), *condujeron* (waliendesha). Anayesema *dijieron* atabeba kosa hilohilo hadi mwisho na kusema *dijiera*. Sahihi ni *dijera*.

Hatua ya 2: ondoa -ron, weka viambishi vipya

Vinieron, toa *-ron*, inabaki *vinie-*. Sasa ongeza:

- yo viniera
- tú vinieras
- él, ella, usted viniera
- nosotros viniéramos
- vosotros vinierais
- ellos, ellas, ustedes vinieran

Seti ni hiyohiyo kwa vitenzi vya *-ar*, *-er* na *-ir*: *hablaron* hutoa *hablara*, *comieron* hutoa *comiera*, *fueron* hutoa *fuera*.

Chunga alama ya mkazo. "Sisi" huwa nayo kila mara, kwenye irabu inayotangulia *-ramos*: *habláramos*, *comiéramos*, *fuéramos*. Nafsi nyingine hazina. Kwa vitenzi vya *-ar* jambo hili si pambo, kwa sababu *hablara* yenye mkazo kwenye *bla* ni umbo letu, ilhali *hablará* yenye mkazo mwishoni ni "atazungumza". Mswahili amezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo *hablara* itamtoka vizuri bila kujitahidi. Atakwama kwenye *habláramos*, ambapo mkazo unarudi silabi moja nyuma zaidi.

Hatua ya 3: tazama kitenzi kikuu

Umbo hili huja baada ya *que* pale kitenzi kikuu kinapokuwa cha wakati uliopita na kikabeba ombi, amri, matakwa, hisia au shaka. *Quería*, *pidió*, *esperaba* (alitumaini), *dudaba* (alikuwa na shaka) vyote vinalihitaji.

Kwenye maombi na amri, sikio lako la Kiswahili ni mwalimu mzuri. Penye "-e" kwa Kiswahili, weka umbo hili. Linganisha:

*Dijo que venía.* Alisema anakuja.
*Dijo que viniera.* Alisema aje.

Kitenzi *dijo* hakijabadilika. Kilichobadilika ni kama alitoa habari au alitoa agizo. Kiswahili kinatenganisha hayo kwa namna ileile, na ukishaliona hilo hutapata taabu na *decir* tena.

Kwenye hisia na shaka, sikio hilohilo litakudanganya. Sisi husema "nilifurahi kwamba ulikuja", bila "-e" yoyote, kwa sababu kuja kulitokea kweli. Mhispania husema *me alegré de que vinieras*. Vivyo hivyo "sikuamini kwamba alikuwa mgonjwa" ni *no creía que estuviera enfermo*. Ukweli wa tendo si kigezo pekee hapa. Kinachotazamwa ni namna kitenzi kikuu kinavyolichukulia. "Kabla" nayo imo: "kabla hujafika", ukisimulia ya jana, ni *antes de que llegaras*.

Kisha hakikisha kuna watu wawili. "Nilitaka nije" inapita kwa Kiswahili, lakini mtakaji na mjaji wakiwa mmoja, Kihispania huacha *que* kabisa: *quería venir*.

Sentensi moja, mwanzo hadi mwisho

Muongoza watalii anamweleza mwenzake: "Mgeni aliniomba nimwamshe saa kumi na moja ili tuweze kuondoka kabla hakujapambazuka."

Kitenzi kikuu ni "aliniomba", *me pidió*. Ni ombi na limepita, kwa hiyo kila kitenzi kinacholitegemea kitavaa umbo letu. "Nimwamshe" ni *despertar*: *despertaron*, *desperta-*, *despertara*. Usihangaishwe na *ie* ya *despierta*. Hiyo ni ya wakati uliopo na preterito haiijui. "Tuweze" ni *poder*: *pudieron*, *pudie-*, na kwa "sisi" tunaweka alama: *pudiéramos*. "Kupambazuka" ni *amanecer*. Hakuna anayesema "wao walipambazuka", lakini kwa ujenzi wetu tunachukua tu *amanecieron*, tupate *amaneciera*.

*El cliente me pidió que lo despertara a las cinco para que pudiéramos salir antes de que amaneciera.*

Saa kumi na moja imekuwa *las cinco*, bila shaka. Ukiiandika *las once*, sarufi itakuwa safi na mgeni atakosa safari. Angalia pia *salir*: imebaki kama ilivyo kwa sababu anayeweza na anayeondoka ni walewale.

Kujikagua ni rahisi. Geuza kitenzi kikuu kiwe cha leo, *me pide*, kisha soma tena. Sasa vitatu vyote vinapaswa kubadilika: *despierte*, *podamos*, *amanezca*. Kama kuna kimoja kinachokaa sawasawa katika sentensi zote mbili, hicho ndicho ulichokikosea.

Katika mazungumzo ya Amerika ya Kilatini utasikia pia *me pidió que lo despierte mañana*, hasa ombi likiwa bado halijatekelezwa. Ielewe, lakini kwenye maandishi na mitihani baki na *despertara*. Na ukikutana na *despertase*, *pudiésemos*, *amaneciese*, ni mlango wa pili wa nyumba hiyohiyo: unaondoa *-ron* kama kawaida, kisha unaweka *-se* badala ya *-ra*. Katika kazi zote tulizozitaja hapa zinabadilishana bila kuharibu maana. Mimi hufundisha *-ra* ya kusema na *-se* ya kutambua tu, kwa kuwa *-ra* ndiyo inayosikika zaidi midomoni mwa watu.