Kabla hujaitoa sura ya tasnifu, itoe kiunzi

Sura ikishakamilika, na kabla haijaenda kwa msimamizi, rudi nyuma uitoe kiunzi. Kila aya unaiandikia sentensi moja inayosema aya hiyo inadai nini, kisha unazisoma sentensi hizo peke yake uone kama sehemu ya pili inatokana na ya kwanza, na ya tatu na ya pili. Usichanganye na ule mpango uliouandika mwanzoni. Mpango unaonyesha ulichokusudia, na kiunzi hiki kinaonyesha kilichotoka.

Hakikisha kwanza kwamba rasimu imefika mwisho, hata kama ina makovu. Iache siku mbili tatu, kisha ichapishe kwenye karatasi na uzipe aya namba. Sura ya kurasa 30 inaweza kuwa na aya 80 hivi, kwa hiyo tenga asubuhi mbili. Jicho likichoka huanza kuandika unachokumbuka badala ya kilichopo. Wakati huo usirekebishe chochote. Ukianza kupamba sentensi, kazi imeishia hapo.

Kabla ya kuifungua rasimu, andika kwa kichwa, kwenye kikaratasi, dai kuu la sura. Ukishindwa kuliandika kwa sentensi mbili, tatizo umeshalijua na bado hujasoma aya hata moja.

Wengi wanakwama kwenye zile sentensi za aya. Wanaandika mada badala ya dai. "Steere na Unguja" ni mada, haiwezi kupingwa wala kufuatwa na "kwa hiyo". "Kiunguja kilipata kitabu cha sarufi mwaka 1870" ni dai. Kama aya haikubali kutoa dai, iwekee alama ya kuuliza uendelee. Ikitoa madai mawili, yaandike yote mawili, usiyashone pamoja.

Nikupe mfano wa sura moja niliyoipitia na mwanafunzi wa umahiri. Swali lake lilikuwa kwa nini Kiunguja, na si Kimvita cha Mombasa, ndicho kilichofanywa msingi wa Kiswahili sanifu. Sehemu ya kwanza ilidai kwamba wamisionari wa Unguja, Edward Steere akiwa mbele, waliiandikia lahaja yao sarufi mapema. Ya pili ilidai kwamba misafara ya biashara ilikipeleka Kiswahili bara. Ya tatu ilisema kwamba kwa hiyo mkutano wa Mombasa wa 1928 ulikichagua Kiunguja. Ukiisoma sura nzima, maji yanatiririka. Ina tarehe, ina nukuu, na lugha yake ni safi.

Kwenye kiunzi mambo yakawa mengine. Kati ya sehemu na sehemu tuliandika neno la kuunganisha: kwa hiyo, lakini, kwa sababu, pia. Kati ya ya kwanza na ya pili neno pekee lililokaa lilikuwa "pia". Tukazibadilishana nafasi, hakuna kilichovunjika. Hiyo ndiyo dalili ya kuangalia: sehemu zinazohama bila kuumiza chochote zimepangwa bega kwa bega, wala hazijengani.

"Kwa hiyo" ya sehemu ya tatu ilikuwa na shida kubwa zaidi. Tulijiuliza msomaji anatakiwa aamini nini ili aivuke. Kwanza, aamini kwamba kuwa na sarufi iliyochapwa kuliipa lahaja nguvu. Lakini mmisionari Krapf alikuwa amechapisha sarufi yake iliyotokana na kazi ya Mombasa tangu 1850, kwa hiyo sababu hiyo inawafaa Wamvita vilevile. Pili, aamini kwamba Kiswahili kilichofika bara kilikuwa na sura ya Kiunguja, na kwamba wajumbe wa 1928 walilitazama hilo. Hakuna aya iliyosema lolote kati ya hayo. Mwandishi alikuwa nayo kichwani, na kichwani ndiko yalikobaki.

Hatukufuta kitu. Misafara ilitangulia, ikafuatiwa na aya mpya kuhusu lahaja iliyosafiri nayo kutoka pwani iliyo mkabala na Unguja, ikaja sarufi ya Steere, kisha Krapf akaingizwa kama pingamizi la kujibiwa, ndipo mkutano ukafika. Neno kati ya sehemu likawa "lakini" mara moja na "kwa hiyo" mara mbili.

Usikitegemee kipimo hiki kwa kila sura. Sura ya mbinu za utafiti ina sehemu zinazokaa bega kwa bega kihalali: eneo, sampuli, zana, maadili. Huko "pia" si kosa. Wala kiunzi hakitakuambia kama ushahidi wenyewe ni wa kweli. Mwaka uliokosewa utapita kwenye sentensi yake bila kuulizwa.