Kumuuzia mwenye gesti hita ya jua: bei ije mwisho

Mfano wangu ni gesti ya vyumba sita Jambiani, Unguja. Mwenye kauli ni Bi Mkubwa peke yake, wala hatakwambia anachokitilia shaka. Atakujibu "inshallah" na biashara imeishia hapo. Kwa hiyo zijibu shaka zake kabla hajazitamka, kwa mpangilio huu.

Hatua ya 1: "Mimi nina tatizo gani?" Usifungue brosha. Omba kuona risiti zake za umeme wa Tukuza za miezi ya wageni wengi, kisha pigeni hesabu pamoja. Kupasha lita 300 kwa siku, kutoka nyuzi 27 hadi 50, hula karibu yuniti 8. Bei ya yuniti anaijua mwenyewe, basi mwache azidishe yeye.

Hatua ya 2: "Kwa maji yetu haya?" Hapa ndipo pa kukaa sana. Ukimwona anaangalia bomba lililoliwa na kutu, ujue shaka imeshafika. Visima vya pwani ya mashariki vimo ndani ya mawe ya matumbawe. Maji yana chokaa na mara nyingi chumvi. Mimi hubeba elementi kuukuu ya hita ya umeme iliyoganda chokaa nikamkabidhi aishike. Kisha nachora: katika mfumo wa mzunguko uliofungwa, maji ya kisima hayapiti kwenye paneli, yanabaki tangini. Mwambie na udhaifu wake: tangi nalo litashika chokaa, na fimbo ya magnesiamu inayolikinga na kutu huliwa, lazima ikaguliwe na kubadilishwa. Wakati wa masika, mawingu yakitanda siku nzima, elementi ya akiba itahitajika. Ukificha haya, fundi wa jirani atamwambia kesho.

Hatua ya 3: "Ikiharibika nimwite nani?" Swali la "mwanangu, wewe unakaa wapi?" si la adabu tu. Jibu kwa jina la fundi aliyepo Unguja, kisha mpigie simu hapo hapo wazungumze.

Hatua ya 4: "Mbona mjini zipo za rahisi?" Usiziseme vibaya. Mpe maswali mawili ya kumuuliza muuzaji yeyote: maji ya kisima yanapita wapi, na fimbo inapatikana wapi?

Akiuliza bei katikati, sema: "Bi Mkubwa, nitakutajia kabla sijaondoka. Kwanza nilione tangi, maana ukubwa ndio unaopanga bei." Akirudia mara ya pili, itaje. Kukwepa zaidi ya hapo kunanuka ujanja.

Hatua ya 5: bei. Iandike karatasi moja na gharama ya fimbo na ziara za fundi, chini ya hesabu ya yuniti aliyoipiga mwenyewe. Akisema "nitafikiri", muulize kwa upole: "Ni maji, ni fundi, au ni pesa?" Akitaja maji, rudi hatua ya 2, usipunguze bei. Akitaja pesa tu, pangeni malipo yafuate msimu: sehemu sasa, sehemu baada ya wageni wa Julai na Agosti.