Somo: Kabla hujatuma picha ya kiporo na kuuliza "hiki nini, nipike nini?"

Assalaam alaykum ndugu zangu. Wiki hii pekee nimeletewa picha sita za aina moja: bakuli limetoka kwenye friji, ndani yake vipande vyeupe, juu yake tui lililoganda, na chini swali, "Bi, hiki nini, na nikipikie nini?" Nimejibu hadi nimechoka. Nayaandika yote hapa mara moja, na atakayeuliza tena nitamrudisha huku.

Jambo lenyewe ni kwamba muhogo, jimbi, shelisheli, kiazi kikuu na ndizi mbichi vikishapikwa kwa nazi vikalala usiku mmoja hufanana sana pichani. Tui huvifunika vyote rangi moja. Ila kuvipika tena si kumoja, na kimojawapo ukikikosea utakilia usiku kucha.

Hatua ya kwanza. Kinuse. Kikinuka uchachu, au tui limefanya mapovu na utelezi, mwaga. Kilicholala juu ya meza kwenye joto letu usikipige hata picha.

Hatua ya pili. Chukua kijiko, pangusa tui kwenye kipande kimoja, kioshe kwa maji, kiweke kwenye sahani nyeupe karibu na dirisha.

Hatua ya tatu. Kikate katikati, kwa upana. Picha ninayoitaka ni ya ndani. Ya nje hainisaidii.

Hatua ya nne: kuangalia ndani. Hapa tukae kidogo, maana ndipo nilipoharibu mimi mwenyewe.

Miaka kadhaa nyuma dada mmoja alinitumia picha ya vipande vilivyobaki kwa mamkwe wake, vimechemshwa kwa maji na chumvi, havijatiwa nazi. Vilikuwa vyeupe, virefu kidogo. Nikamjibu bila kufikiri: muhogo huo, utie tui, dakika kumi umekwisha. Kumbe yalikuwa majimbi, tena yalichemshwa juu juu kwa sababu mamkwe alikuwa amekusudia kuyamalizia baadaye. Yule dada akapika dakika kumi kama nilivyomwambia, akawafuturisha watoto. Magharibi ile ile akanipigia simu, sauti imekwaruza. Watoto wanalia, ndimi zinachoma, koo zinawasha kama waliomeza upupu. Walipoa baada ya saa kadhaa, alhamdulillahi, lakini nilikuwa nimesema kwa yakini kitu ambacho picha haikunionyesha. Tangu siku ile sijibu bila kuona kipande kilichokatwa.

Sababu yake ni hii. Ndani ya jimbi mna vijisindano vidogo mno vya kalsiamu oksaleti, havionekani kwa macho. Jimbi likiwa bichi au nusu bichi vinachoma ulimi na koo, na ndivyo vinavyowasha mikono wakati wa kumenya. Jimbi linataka kuchemka kwa muda mrefu, nusu saa hadi dakika arubaini na tano kwa vipande vya ukubwa wa yai, mpaka uma upite bila kugonga kitu kigumu katikati. Muhogo mzuri hauna habari hiyo.

Basi angalieni hivi. Muhogo una uzi mgumu katikati, unapita kutoka ncha hadi ncha. Ukiukata kwa upana utauona kama kitovu, na ukiuvunja kwa mkono unachanika kwa urefu. Jimbi halina uzi. Ndani limeshikana, linateleza kidogo kwenye kisu, na weupe wake umeingia kijivu au zambarau, mara nyingi na vidoadoa vidogo vidogo. Shelisheli ni la manjano hafifu, ukilibonyeza linabonyea kama sponji, na kipande chake huwa na umbo la mwezi mchanga kwa sababu tunda lenyewe hupasuliwa mapande na moyo wake kuondolewa. Ndizi utaijua kwa mstari wa vitone vyeusi katikati. Kiazi kikuu kina chengachenga, hakina uzi wala vidoadoa, na huvunjika ovyo.

Ukiwa bado una shaka kati ya muhogo na jimbi, kihesabu ni jimbi. Kichemshe tena kwa maji matupu hadi kiwe laini kabisa, ndipo uonje kipande cha ukubwa wa punje ya hindi kwa ncha ya ulimi, usubiri dakika chache. Kikiwasha, rudisha jikoni. Usiharakishe kutia tui ukitegemea kwamba litaivishia humo humo. Tui zito haliwezi kustahimili moto wa muda mrefu. Litakatika, mafuta yapande juu na chengachenga zibaki chini, na jimbi bado litakuwa gumu.

Onyo la pili ni la muhogo. Muhogo mchungu hautambulikani kwa picha, kwangu wala kwa mtu yeyote. Sumu yake ni ya sainaidi. Ukionja kiporo cha muhogo ukakuta uchungu, tema, mwaga wote, usiwape watoto wala usijaribu kuuficha kwa nazi na pilipili. Ukiona michirizi ya buluu au nyeusi ndani, huo ulikaa siku mbili tatu au zaidi baada ya kuchimbwa. Ukiona madoa ya kahawia, magumu, yasiyolainika hata ukichemsha, huo ulikuwa na ugonjwa shambani. Sehemu hizo zikate utupe.

Hatua ya tano: kukipika. Kwa kilo moja ya majimbi yaliyokwisha kuiva, chukua nazi mbili. Zikune kwenye mbuzi, kamua tui la kwanza bila maji mengi, hilo ndilo kasimele, liweke kando. Tia maji vikombe viwili kwenye machicha, kamua tena upate tui la pili. Majimbi yaingie kwenye tui la pili pamoja na kitunguu kilichokatwa, chumvi na pilipili mbichi nzima isiyopasuliwa. Ukiwa na ng'onda, mroweke, mwoshe, mwondoe miba, umtie hapo. Acha lichemke hadi tui lipungue nusu. Kisha punguza moto, mimina kasimele, tikisa sufuria badala ya kukoroga ili vipande visivunjike, usifunike. Likianza tu kutokota pembeni, epua. Ndimu ikamuliwe mezani, kwani ukiitia jikoni tui litakatika.

Kiporo kilichokwisha kutiwa nazi jana hakihitaji haya. Tia tui la pili kidogo, moto mdogo, kipate moto hadi ndani, ule siku hiyo hiyo. Usikirudishe kwenye friji mara ya pili.

Maswali yaleteni hapa chini.

---

Mkaazi wa Bububu: Bi, hii nini? [picha]

Mwandishi: Picha ina giza, bakuli limefunikwa na plastiki. Soma hatua ya pili na ya tatu.

Mkaazi wa Bububu: Si useme tu kwa kukisia, nina haraka, watoto wanarudi skuli.

Mwandishi: Nimeeleza hapo juu kukisia kwangu kulikowafikisha watoto wa mwenzio. Sikisii. Kata kipande kimoja, ni nusu dakika.

Mkaazi wa Bububu: [picha] Haya.

Mwandishi: Ahsante. Kile kitovu katikati unakiona? Muhogo huo. Onja kwanza, kama hauna uchungu, vuta uzi uutoe, ukate vijiti, ukaange kwenye mafuta yaliyopata moto sawasawa. Ukiutoa tia chumvi, pilipili ya unga na ndimu. Muhogo uliolala kwenye friji huwa umekauka juu, kwa hiyo unakauka vizuri kuliko wa leo.

Mtu wa Wete: Bi mkubwa, mimi nina swali la kutaka kujua tu. Sisi nyumbani tunachimba majimbi bondeni, shamba moja. Mengine yanawasha, mengine hata ukiyatoa mapema hayana neno. Kwa nini?

Mwandishi: Swali zuri sana hili, mwanangu. Mbegu za majimbi si moja, na kila mbegu ina kiasi chake cha vile vijisindano. Shambani kwenu huenda zimechanganyika mbegu mbili au tatu bila mtu kukusudia. Fanya hivi: mkichimba, weka pamoja yaliyotoka shina moja, yapike mbali, uone lipi linawasha. Lile lisilowasha ulirudishie miche yake ardhini. Na mikono, paka mafuta ya nazi kabla ya kumenya na umenye jimbi likiwa kavu. Ukiliosha kwanza ule utelezi ndio unaokuwashia.

Mtu wa Wete: Ahsanta sana. Bibi alikuwa akimenya na mifuko mikononi, tukimcheka.

Mwandishi: Bibi alikuwa akijua.

Baba wa Jang'ombe: Mbona umesahau sukari? Kwetu futari ni tamu, na hiliki.

Mwandishi: Sijasahau, baba. Sukari na hiliki ni za ndizi mbivu, boga, viazi vitamu na tambi. Majimbi na muhogo wa samaki mimi nitavipika kwa chumvi. Wa kwenu wakipenda tamu, kheri, lakini hapo ng'onda asiingie.

Msichana wa Mkoani: Shangazi, nimefuata yote. [picha] Manjano hafifu, linabonyea. Shelisheli? Limechemshwa tu, halina nazi. Na nusu nyingine mbichi imebaki, imeanza kuwa laini.

Mwandishi: Ndilo, na picha yako ndiyo ninayoitaka wote waione. Lililochemka likate vipande vyembamba, unene wa kidole kidogo, ukaange mpaka pembe ziwe kahawia. Ile nusu mbichi usingoje kesho. Shelisheli likishaanza kulainika linakwenda mbio. Limenye, lipasue, lichemshe leo, likipoa lifungie kwenye friza. Kisu kipake mafuta kwanza, utomvu wake ukigandia kutoka ni kazi.

Msichana wa Mkoani: Na tui langu lilikatika jana, nilimwaga. Lilikuwa limeharibika?

Mwandishi: La, hukupaswa kumwaga. Kukatika ni moto mkali tu, au ndimu. Linachukiza kwa macho, kula linalika. Lililoharibika utalijua kwa pua.

Mama wa Chake: Bariyo yangu ya asubuhi ni muhogo wa nazi na chai ya rangi, sijawahi kuupasha. Kuna neno?

Mwandishi: Kama umelala kwenye friji, mradi haujanuka uchachu. Lakini umeme ukikatika usiku na muhogo ukapoteza baridi, uache.

Mama wa Chake: Na machicha ninyi mnayafanyia nini? Mimi nayatupa.

Mwandishi: Usitupe, dada! Yakamue mara ya tatu, maji yake yapikie wali. Kisha wape kuku, lakini siku ile ile, yakilala yanachacha. Mimi hubakisha konzi moja nikasugulia sufuria iliyogandiwa. Ichanganye na jivu kidogo, usugue kwa mviringo, suuza kwa maji ya moto.