Pima wasifu mmoja kwa matangazo kumi ya kazi

Kama unaomba kazi na huitwi kwenye usaili, kusanya matangazo kumi ya cheo kimoja, mathalani mhasibu msaidizi. Fungua Excel: kila sifa inayotakiwa ipe mstari wake, kila tangazo safu yake, weka 1 linapoitaja, kisha jumlisha. Ndipo ufungue wasifu wako, na kwa kila sifa utafute sentensi inayoithibitisha. Usijibu kwa unachokijua kichwani, maana anayechuja maombi anaona karatasi tu.

Kwangu, kuandaa ritani za VAT na PAYE kulitokea mara 8, programu ya uhasibu ya Tally mara 6, ya SAP mara 1. Ritani nilikuwa naziandaa kila mwezi, ila wasifu ulisema "majukumu ya kodi" basi. Hapo nilibadili maneno siku hiyo hiyo. Tally sikuijua kabisa, hilo ndilo pengo la kweli. SAP niliiacha, tangazo moja halitoshi kukupeleka darasani.

Unganisha majina ya kitu kimoja kabla ya kuhesabu: "usuluhishi wa benki" na "kulinganisha taarifa za benki" ni mstari mmoja. "Mchapakazi" na wenzake wafute, wako kila mahali.

Njia hii inapotosha ukichanganya ngazi, au matangazo manne yakiwa ya wakala mmoja anayenakili maelezo yale yale. Hayo yahesabu kama moja, utafute mengine.